Mimba na selimundu: Kliniki ya kijijini ni mwanzo, si mwisho

Swali la wiki hii limetoka kwa msomaji wa Tarime Vijijini. Ana miaka 24, ana ugonjwa wa selimundu tangu utotoni, ule ambao majumbani wengi wetu tunauita siko seli, na sasa ana mimba ya kwanza ya wiki 11. Mama mkwe anamwambia asiwe na haraka, kliniki ataanza tumbo likishaonekana kama wenzake. Mumewe anaogopa kwamba mimba itamuua. Yeye anataka kujua jambo moja: zahanati ya kijijini kwao itamtosha?

Dada, haitakutosha, lakini anzia hapo hapo na uanze wiki hii. Kwa mwenye selimundu, kusubiri tumbo lionekane ni kupoteza wiki ambazo mambo mengi yanaweza kupangwa kabla ya shida kuanza.

Hofu ya mumeo nayo tusiikwepe. Watafiti waliopitia kumbukumbu za waliojifungua Hospitali ya Taifa Muhimbili kati ya mwaka 1999 na 2011 walikuta wanawake 149 wenye selimundu. Kati yao 17 walifariki, yaani asilimia 11, wakati kwa wasio na ugonjwa huo vifo havikufika hata nusu ya asilimia moja. Ni idadi ya kutisha. Isomwe hata hivyo kwa kukumbuka kwamba Muhimbili hupokea walioletwa kwa rufaa, baadhi yao wakiwa tayari wako taabani. Kwingine ambako wanawake hawa hufuatiliwa tangu mwanzo, na damu na oksijeni vikiwa karibu, wengi hujifungua salama. Kwa hiyo mwambie mumeo kwamba hatari ipo kweli, na sehemu kubwa yake inategemea mimba inaangaliwa na nani, wapi na mara ngapi.

Kwanza tuelewane mwilini kunatokea nini. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni mviringo na laini, hupita kwenye mishipa myembamba bila shida. Za mwenye selimundu, zikikosa oksijeni ya kutosha au maji yakipungua mwilini, hujikunja mfano wa mundu na kuwa ngumu. Zinakwama, damu haipiti, na sehemu iliyonyimwa damu huuma. Chembe hizo pia hufa mapema, ndiyo maana damu iko chini siku zote. Mimba inapokuja, mwili unatakiwa kutengeneza damu zaidi, oksijeni inahitajika zaidi, damu inakuwa nyepesi kuganda, na maambukizi ya mkojo na kifua yanaingia kwa urahisi. Ndiyo sababu mtu aliyekuwa akipata maumivu makali mara moja kwa mwaka anaweza kuyapata kila mwezi, hasa miezi mitatu ya mwisho na siku chache baada ya kujifungua.

Sasa kliniki. Hudhurio la kwanza mama hupimwa wingi wa damu, kundi la damu, mkojo, presha, kaswende, virusi vya Ukimwi na malaria. Kipimo cha selimundu hakimo katika orodha hiyo ya kawaida. Hili linanishangaza, maana sisi wa Kanda ya Ziwa ndio wenye chembe hizi kwa wingi nchini. Maabara ya Bugando, Mwanza, iliwahi kupima sampuli zaidi ya 17,000 za damu ya watoto wachanga wa kanda hii, na karibu mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja. Zaidi ya mmoja katika kila mia alikuwa na ugonjwa wenyewe. Basi usitegemee kwamba mkunga ataligundua. Mwambie siku ya kwanza, kabla hajamaliza kujaza kadi, na hakikisha neno selimundu limeandikwa pale penye vidokezo vya hatari.

Kuna maswali matatu atakayohitaji majibu yake, na ni wewe tu unayeyajua. La kwanza, damu yako huwa ngapi ukiwa mzima? Wenye selimundu wengi huishi na damu ya 7 au 8, na hutembea, hulima na kucheka. Mkunga asiyejua anaweza kuona 7 akashtuka, akakupeleka ukaongezewe damu usiyoihitaji. Kinyume chake pia hutokea: anaona 6 na kudhani ndiyo kawaida ya watu hawa, kumbe mwezi uliopita ilikuwa 8 na kitu fulani kinaimaliza. Kinachoangaliwa zaidi ni tofauti na kawaida yako. Kama una daftari la zamani la hospitali, lenye vipimo ulivyofanyiwa ukiwa huumwi, lipeleke.

La pili, umewahi kuongezewa damu mara ngapi? Mwili uliopewa damu ya watu wengi huweza kutengeneza kinga dhidi ya damu ngeni, na siku ya dharura kupata chupa inayolingana nawe inakuwa kazi ya saa nyingi. Hospitali ikijua mapema, huipima na kuitafuta mapema.

La tatu, unatumia dawa gani? Kama unameza haidroksiyurea, mweleze daktari mara moja. Kwa kawaida husimamishwa mimba inapotafutwa au inapogundulika, lakini uamuzi huo ni wa daktari anayekujua, si wa kuambiwa na jirani.

Hapo kwenye dawa kuna jambo dogo ambalo linawapita wengi. Wenye selimundu wengi hupewa asidi ya foliki ya miligramu 5 kila siku, kile kidonge kidogo cha njano. Huku kwetu mjamzito pia hupewa SP kuzuia malaria, kuanzia mimba inapovuka miezi mitatu, kwa kupishanisha angalau wiki nne. Asidi ya foliki ya dozi hiyo kubwa hupunguza nguvu ya SP. Malaria nayo ni adui mkubwa wa chembe za mundu: inazivunja, inashusha damu, inaamsha maumivu na kumdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo usimeze vyote viwili bila kuuliza. Muulize daktari dozi ya foliki utakayotumia wakati unakunywa SP. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani juu ya selimundu wakati wa ujauzito, wa kwanza wa aina yake, uliotolewa Juni 2025, nao unataka dozi hiyo izingatie kama mama anaishi penye malaria. Chandarua chenye dawa hakina mgongano na kidonge chochote, lala ndani yake.

Zahanati ikishakuandika, ikupe rufaa. Kwa watu wa Tarime hospitali iko mjini Tarime na nyingine ya halmashauri iko Nyamwaga. Kwa watu wa Serengeti ni Mugumu. Huko ndiko kwenye daktari, maabara na ultrasaundi. Juu yao iko hospitali ya rufaa ya mkoa, ile ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, Musoma, na juu zaidi Bugando. Mjamzito wa kawaida anatakiwa kuhudhuria mara nane. Wewe utahudhuria zaidi: angalau kila mwezi mpaka wiki ya 28, halafu kila wiki mbili, na kila wiki kuanzia ya 36. Si lazima kila hudhurio liwe mjini. Mpango unaofanya kazi ni kugawana: presha, mkojo, wingi wa damu na kipimo cha tumbo zahanati, daktari na ultrasaundi hospitali, kadi ikiwa moja. Daktari pia anaweza kukuanzishia aspirini ndogo ya miligramu 75 tangu wiki ya 12 kupunguza uwezekano wa kifafa cha mimba, ambacho kwa wenye selimundu huja mara nyingi zaidi. Si ile aspirini ya dukani ya maumivu ya kichwa, usije ukaichanganya.

Tuje kwenye maumivu, maana hayo ndiyo yatakayokuamsha usiku. Tuchukue mfano. Mimba ina wiki 31. Ni Julai, Tarime usiku kuna baridi. Mchana ulikuwa shambani, ulikunywa kikombe kimoja cha chai na maji kidogo. Saa 3 usiku mapaja na kiuno vinaanza kuuma, saa 4 huwezi kugeuka kitandani.

Wa nyumbani watasema ni uchungu. Unaweza kuwa uchungu kweli, kwa hiyo weka kiganja juu ya tumbo. Uchungu huja na kuondoka: tumbo linakaza, linalegea, linakaza tena. Maumivu ya selimundu hayana mapumziko, yanakaa kwenye mifupa, mapaja, mgongo, mbavu, na tumbo lenyewe huwa laini. Kama tumbo limekuwa gumu kama ubao na halilegei, damu itoke isitoke, hiyo si selimundu wala uchungu wa kawaida. Kondo huenda limeanza kubanduka. Hapo hakuna kusubiri.

Kama ni mifupa tu, huna homa, unapumua vizuri na mtoto anacheza, jifunike upate joto, kunywa maji au uji mwepesi kwa wingi, meza parasetamo vidonge viwili vya miligramu 500. Vikikutuliza, endelea kila baada ya saa sita na kesho uonekane zahanati. Ikipita saa moja bila nafuu, nenda kituoni usiku huo huo. Na usisubiri hata hiyo saa moja ukiwa na homa, kifua kinachobana au kuuma ukivuta pumzi, kuhema haraka, kichwa kikali na macho kuona maluweluwe, upande mmoja wa mwili kulegea, kutokwa damu, au mtoto kupunguza kucheza.

Usafiri: namba 115 hupigwa bila malipo. Ni ya mfumo wa m-mama, unaosafirisha wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42 na watoto wachanga wenye dharura. Anayepokea simu hutafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana karibu huita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo. Mume aihifadhi kwenye simu yake, na mama mkwe pia.

Ukifika, wengi hukutana na sindano ya diklofenaki. Ndiyo dawa ya maumivu iliyozoeleka vituoni, na vidonge vyake viko kila duka la dawa. Kwako mjamzito haifai. Mimba inapovuka wiki 20 dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka, na mimba ikiwa kubwa zaidi zinaweza kuziba mapema mshipa ulio karibu na moyo wake ambao anautegemea mpaka azaliwe. Figo zako mwenyewe nazo tayari zinafanya kazi kwa taabu kwa sababu ya selimundu. Mwambie muuguzi kwa adabu lakini bila kusita: nina mimba, nina selimundu, naomba nisichomwe diklofenaki.

Badala yake kuna tramado, na maumivu makali hospitalini hutibiwa kwa mofini. Nimesikia hofu kwamba mofini itamfanya mgonjwa awe teja au itamuua mtoto. Kwa siku chache, ikitolewa kwa vipimo na mgonjwa akiangaliwa anavyopumua, inatumika kwa wajawazito. Tahadhari ni pale inapotolewa karibu na kujifungua, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na usingizi mzito na lazima awepo wa kumwangalia. Kinachodhuru zaidi ni kumwacha mama alie hadi asubuhi. Kinachotakiwa ni dawa ya maumivu ndani ya nusu saa tangu afike, kisha aulizwe tena kama amepata nafuu.

Kuna kipimo kidogo cha kubana kidoleni, kinachosoma oksijeni. Kiombe. Ikisoma chini ya 95, unahitaji oksijeni na daktari. Na kipimo hicho kirudiwe kila baada ya saa chache, kwa sababu mtego mkubwa wa ugonjwa huu uko hapa: mtu analazwa kwa ajili ya miguu, siku ya pili au ya tatu anaanza kukohoa, joto linapanda, kifua kinauma. Chembe zimekwama kwenye mapafu. Hali hiyo huua haraka kuliko maumivu ya miguu, na ndiyo inayohitaji kukimbizwa Musoma au Bugando kwa dawa za viuasumu, oksijeni na pengine damu. Dripu nazo zina kiasi chake. Maji yanasaidia kama umekaukiwa, lakini chupa baada ya chupa kwa mjamzito mwenye damu kidogo huishia kujaa kwenye mapafu hayo hayo.

Na mtoto? Kondo la nyuma nalo lina mishipa myembamba, na chembe za mundu hukwama humo pia. Vipande vya kondo hufa, chakula na oksijeni vinapungua, mtoto anadumaa tumboni. Hatari zake ni kuzaliwa na uzito mdogo, kuzaliwa njiti, au kufia tumboni bila mama kuhisi maumivu yoyote.

Kifaa cha kwanza cha kulitambua hili ni futi ya fundi cherehani, na kila zahanati inayo. Baada ya wiki ya 24, urefu kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mji wa mimba huwa karibu sawa na idadi ya wiki. Wiki 31 inasoma 30 au 32, vizuri. Ikisoma 27 au 28, au ikirudia namba ya mwezi uliopita, mtoto hakui inavyotakiwa na ultrasaundi inahitajika siku hizo hizo. Omba namba iandikwe kwenye kadi kila hudhurio, kwa sababu mkunga wa leo anaweza asiwe yule wa mwezi ujao. Hata futi ikiwa sawa, ultrasaundi ya kuangalia ukuaji hutakiwa takriban kila wiki nne kuanzia ya 24 au 28. Hapa ndipo nauli inapowashinda wengi. Ikibidi kuchagua, usiikose ya kati ya wiki 28 na 32, wala ile ya 36.

Kujifungua kupangwe, kusingojewe. Mtoto akiwa amekua vizuri, madaktari hupendelea azaliwe kuanzia wiki ya 38, wala asiachwe apitilize 40. Upasuaji si lazima kwa sababu tu una selimundu. Njia ya kawaida ndiyo inayotangulia, kwenye hospitali yenye damu, oksijeni na chumba cha upasuaji, huku ukipewa maji, joto na dawa ya maumivu. Kwa hiyo wiki ya 36 uwe tayari umehamia karibu na hospitali hiyo, kwa ndugu au kwa kupanga chumba. Ndugu wawili au watatu watoe damu kabla. Na kwa kuwa ukeketaji bado umewapata wanawake wengi wa Tarime na Serengeti, kama una kovu, mkunga alione mapema. Kovu huchanika, na wewe huna damu ya kupoteza.

Baada ya kujifungua wageni huja na furaha, uangalizi unalegea, na siku hizo ndizo maumivu na kuganda kwa damu hupenda kurudi. Kaa hospitali siku utakazoambiwa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu, au pumzi ikikata ghafla, 115 bado ni yako. Uzazi wa mpango uanze kujadiliwa kabla hujatoka wodini. Sindano ya miezi mitatu inafaa, na kwa baadhi imeonekana kupunguza hata maumivu ya selimundu. Vidonge vya kawaida vyenye homoni mbili huongeza kuganda kwa damu, si vyako.

Limebaki la mumeo, ambaye kwa kuuliza kwake nampongeza. Apimwe. Wewe una SS, kwa hiyo kila mtoto wako atachukua S moja kutoka kwako. Mume akiwa AA, watoto wote watakuwa wabebaji tu, wazima. Akiwa AS, kila mimba ina nusu kwa nusu ya kupata mtoto mgonjwa. Akikataa kupimwa, piga hesabu hivi: huku mtu mmoja kati ya watano ni mbebaji, na mbebaji hurithisha nusu ya mara, kwa hiyo uwezekano ni kama mmoja katika kumi. Asikubali kipimo cha kawaida cha kuonyesha kama chembe zinajikunja, kwani hicho hakitenganishi mbebaji na mgonjwa. Aombe kile kinachotaja aina ya damu kwa herufi.

Mtoto mwenye SS huzaliwa mnene na mchangamfu, kwa sababu damu ya tumboni bado inamkinga, na dalili hujitokeza karibu na miezi sita. Wengi hupotea hapo kwa homa ya siku mbili bila mtu kujua walikuwa na nini. Mtoto wako apimwe wiki zake za kwanza. Akikutwa nayo, aanze penisilini kabla hajafika miezi mitatu, na ataimeza kila siku mpaka atimize miaka mitano.